Namna ya Kuhutubia Bila Kukariri Hata Sentensi Moja

Unautaka udiwani Mbagala na video lazima isambae. Kukariri huwezi, na ukisoma karatasini wapiga kura watajua. Tulia, tuwadanganye kistaarabu.

1. Azima kishikwambi, ukiwekee programu ya teleprompta na hotuba yako; kioo kitakuonyesha maandishi mbele ya lenzi. Vile vya Sensa ya 2022 walikabidhiwa walimu, basi mtafute mwalimu jirani. Mwambie ni kwa maendeleo ya kata.

2. Kwa fundi wa aluminiamu omba kioo cheupe cha milimita 3, kipana kuliko kishikwambi, kingo zisagwe. Akikusifia tinti, kataa: kamera itakuona kupitia kioo hicho, na tinti itafanya mchana wako uwe magharibi. Kinene nacho kiache. Kioo huakisi kwa nyuso zote mbili, kwa hiyo kikizidi unene kila neno linaota pacha.

3. Hapa ndipo wengi huaibika. Seremala wa Keko akutengenezee fremu ya kushika kioo kwa nyuzi 45: ukingo wa chini upande wa kamera, wa juu ukuinamie wewe. Kishikwambi kilale chini ya kioo, uso juu, mwanga hadi mwisho. Kichwa cha maandishi kielekee kwako. Sasa washa kitufe cha Mirror kwenye programu, maana kioo hugeuza kushoto kuwa kulia. Ukiona maneno kinyumenyume, hukukiwasha. Ukiyaona yamesimama kichwa chini, miguu juu, usiguse programu, zungusha kishikwambi. Na funga kile kitu cha skrini kujizungusha, la sivyo hotuba itapinduka katikati ya ahadi ya barabara.

4. Funika kamera na nyuma ya kioo kwa kaniki, ubakize tundu la lenzi. Kioo cheupe hurudisha kama sehemu moja tu ya kumi ya mwanga, kwa hiyo dirisha lililo wazi nyuma yake litameza maneno yote. Taa ikumulike wewe, isikimulike kioo.

5. Macho ndiyo wasaliti. Ukisimama karibu yatatembea kushoto na kulia, na mtaa mzima utajua. Rudi nyuma hatua tatu, kuza herufi, kila mstari uwe na maneno manne tu. Kamera ikuvute kwa zumu na fokasi ifungwe usoni pako, isije ikahangaika na vumbi la kioo.

6. Mwendo wa maandishi mwachie mpwa wako. Akufuate wewe, usimfuate yeye. Mgombea anayekimbizana na skrini hufanana na mtu anayedaiwa.

7. Ili uonekane unafikiri, andika vituo ndani ya hotuba: TUA, TABASAMU, KOHOA. Viwe na rangi nyekundu. Na tafadhali, ukifika kwenye KOHOA, kohoa. Usiisome.