Sifa za Kuandika Muhtasari

Katika kazi zote alizopewa binadamu, tukufu kuliko zote ni kuandika muhtasari wa kikao. Mkulima anataka mvua na mvuvi anataka bahari. Katibu anatosheka na karatasi iliyomwagikiwa chai, mwandiko ambao yeye mwenyewe hausomi, na Jumapili nzima wenzake wakiwa harusini.

Chukua kamati ya maji ya mtaa, wajumbe 11, pampu ya kisima imekufa. Baada ya saa mbili za mabishano katibu amerudi nyumbani na haya:

"4:20 posho 5,000 sawa. 4:35 kaingia mama wa duka. Pampu: fundi sokoni laki 4, wa mjini 650, dhamana? Mzee: mwaka jana vilevile, mnatufanya watoto! Hazina 480. Kelele. M/kiti: basi tumeelewana."

Asiyejua ataona takataka. Anayejua ataona madaraka, na madaraka yenyewe yanaanzia kwenye mahudhurio, sehemu ambayo wajumbe huiruka wakisoma. Lazima watenganishwe waliohudhuria, waliotoa udhuru, wasiohudhuria bila taarifa, na walioalikwa tu, ambao hawana kura. Orodha ya saini haisaidii sana, kwa kuwa ndiyo hiyo hiyo ya kulipia posho: yupo aliyesaini, akachungulia ukumbini, akaenda zake. Katiba ya kamati inataka akidi ya zaidi ya nusu, yaani watu sita. Kikao kilifunguliwa saa 4:00 asubuhi wakiwa watano. Wa sita ni mama wa duka, na yeye kaingia saa 4:35. Posho ilipitishwa saa 4:20.

Soma tena hapo, taratibu. Watu wazima walijipitishia posho bila akidi, na anayejua ni mtu mmoja, kwa sababu ana mazoea ya kuandika saa pembeni ya karatasi. Hana ruhusa ya kuisogeza posho ikae baada ya saa 4:35, ingawa mkono utawasha. Ataandika kilichotokea kwa saa yake, na suala litarudi kikao kijacho lithibitishwe.

Fadhila ya pili ni kuosha maneno. "Mnatufanya watoto" inaingia kwenye sufuria na kutoka hivi: "Mjumbe mmoja alikumbusha kuwa matengenezo ya mwaka uliopita hayakudumu." Mzee hakusema hivyo hata kidogo, lakini ndicho alichokusudia. Kelele zote zinabaki nje, isipokuwa hoja iliyobadilisha uamuzi: hazina ina Sh. 480,000, kwa hiyo fundi wa mjini hawezekani.

Lakini "tumeelewana" tumeelewana nini? Hapa katibu anapiga simu. Mwenyekiti ana hakika ni fundi wa mjini. Mweka hazina anauliza kwa fedha ya nani. Mzee anaanza upya habari ya mwaka jana. Raha iliyoje: kikao kimefunguliwa tena, safari hii kwa vocha ya katibu! Wakikumbuka wote jambo moja, linaandikwa. Wakitofautiana, muhtasari wa kweli unasema kikao hakikufikia uamuzi, na ajenda inarejeshwa. Katibu hamwamulii mtu. Kwa bahati mwenyekiti alikumbuka hazina, akakubali kuwa waliafiki fundi wa sokoni.

Limebaki azimio. Kuna sentensi tamu sana iitwayo "Kamati ishughulikie." Ni nzuri kwa sababu haimuudhi mtu: wajumbe 11 wanaenda nyumbani kila mmoja akiwasubiri kumi wenzake. Katibu mkorofi huandika hivi:

"Azimio: Pampu itengenezwe na fundi wa sokoni kwa Sh. 400,000 kutoka mfuko wa kamati. Mhusika: Mweka Hazina. Mwisho: 14 Juni."

Amepata maadui kwa mistari miwili. Mweka hazina atauliza kwa nini yeye peke yake, na jibu ni kwamba mhusika akiwa wawili, hayupo.

Kikao kijacho muhtasari ulisomwa. Mzee akasema yeye hakukumbusha, alilalamika. Marekebisho hayo hayakufanywa kwa kalamu kwenye nakala ya zamani. Yaliandikwa kwenye muhtasari mpya, kisha wa zamani ukathibitishwa, mwenyekiti na katibu wakaweka saini na tarehe. Kwenye yatokanayo, mweka hazina alieleza kuwa fundi amelipwa nusu na pampu inasubiri kipuri. Posho ya kikao kilichopita ilithibitishwa kwa kauli moja. Wajumbe wote 11 walikuwepo, na kwa mara ya kwanza akidi ilitimia kabla ya saa ya kufungua.