Bajeti ya Shemeji Haina Maji ya Kunywa

Shemeji yangu ni mtu wa mipango, na watu wa mipango wana tabia ya kuja kwako jioni ukiwa umeshavua viatu. Kaja na karatasi. Anataka twende Arusha, siku tatu, kwa basi, kila mtu na laki moja yake. Nauli kwenda na kurudi elfu sitini, gesti usiku mbili elfu thelathini, chakula elfu kumi. Jumla laki moja, hesabu imefunga kwa senti.

"Shemeji, chakula elfu kumi kwa siku tatu?"

"Si tutakula vizuri kabla ya kutoka?"

Basi nikaichukua ile karatasi nikaisoma kwa miwani. Kwenye nauli sikuwa na ugomvi naye. Viwango vya LATRA vilivyotangazwa Desemba 2023 viliweka basi la daraja la kawaida kwenye shilingi 48.47 kwa kila abiria kwa kilomita moja ya lami, na daraja la kati shilingi 67.84. Kutoka Dar es Salaam hadi Arusha ni kilomita mia sita na ushee, kwa hiyo la kawaida linacheza kwenye elfu thelathini na la kati kwenye elfu arobaini na kidogo. Mpiga debe akikutajia elfu hamsini na tano kwa basi lenye kiti kilichokatika mgongo, unajua kabisa kwamba hapo unanunua maneno yake. Omba tiketi ya mashine, iliyoandikwa nauli, namba ya kiti na namba ya basi. Anayekuandikia kwa kalamu huku anaangalia pembeni, mwache aendelee kuangalia pembeni.

Ugomvi wangu uko kwingine. Mimi naishi Mbagala. Stendi ya Magufuli iko Mbezi Luis, na kutoka kwangu hadi pale ni kama kilomita 30. Basi ambalo shemeji amelichagua linaondoka saa kumi na mbili asubuhi, na ukitaka kuliwahi unatoka nyumbani saa kumi usiku. Saa hiyo hakuna daladala. Kuna bajaji ya kijana wa mtaani kwetu ambaye mchana ananiamkia "shikamoo mzee" na usiku ananitajia elfu kumi na tano bila hata kupepesa macho. Piga hesabu hapo. Basi linanipeleka hadi chini ya Mlima Meru kwa shilingi 48 na kitu kwa kilomita, na bajaji inanipeleka Mbezi kwa shilingi mia tano kwa kilomita. Nimelipa nusu ya nauli ya Arusha na sijaiona hata Kibaha.

Kwenye karatasi ya shemeji, bajaji haimo. Yeye anakaa Kibamba, anaamka, ananawa uso, na stendi ni palepale.

Na upande wa pili, Arusha, ni hivyohivyo. Msidanganyike na ramani. Basi haliruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na kila kijiji kina kibao chake cha 50, na njia ile ina vijiji kuliko mtu anavyodhani: Chalinze huko, Segera, Korogwe, Mombo, Hedaru, Same, Mwanga. Ongeza mizani, ongeza foleni ya kutoka mjini, ongeza abiria aliyepitiwa na usingizi akapitishwa kituo chake anataka basi lirudi. Weka saa kumi hadi kumi na mbili. Ukiondoka na basi la saa tatu asubuhi ili upate daladala ya kukufikisha Mbezi, unashuka Arusha saa tatu usiku, na hapo unamkuta bodaboda ambaye ameshaliona begi lako, koti lako jepesi la Dar na meno yako yanavyogongana. Hakuulizi unakwenda wapi. Anauliza una shilingi ngapi.

Kwa hiyo nikamwambia shemeji tupande basi la usiku. Tangu Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa tena kutembea usiku kucha, na kwa mtu wa pesa ya mawazo hii ni neema. Unatoka Mbagala alasiri kwa daladala kama binadamu, unaondoka Mbezi saa moja jioni, unaingia Arusha alfajiri, unasubiri kukuche, unapanda kifodi na watu wanaokwenda kazini. Pande zote mbili umekwepa bei ya usiku. Na usiku mmoja wa gesti umefutika kwenye karatasi.

"Na kulala?" akauliza.

"Kwenye kiti."

Sitaki kudanganya, hulali. Unafumba macho tu. Kiyoyozi kinapulizwa kama basi limepakia samaki, jirani yako anamsikiliza mhubiri kwenye simu bila kuvaa spika za masikioni, na saa saba usiku taa zinawashwa mnatangaziwa kuchimba dawa. Chukua kitenge cha mkeo au shuka, chukua soksi. Epuka viti vya nyuma kabisa na vile vilivyo juu ya matairi, maana kila tuta litakufikia wewe kwanza. Nyaraka na pesa zikae mwilini, zisikae kwenye begi la juu.

Kilichomuuma shemeji ni kwamba usiku hutaiona milima. Hapo ana haki. Ndiyo maana kurudi tukapanga mchana, Jumapili saa kumi na mbili asubuhi, ili tufike Mbezi daladala zikiwa bado zipo. Ukirudi Dar, kaa upande wa kushoto. Milima ya Upare na Usambara itakuwa upande wako hadi karibu na Korogwe, na jua la mchana litawachoma wa upande wa kulia, ambao watafunga mapazia na kulalamika. Wakati wa kwenda ni kinyume chake, unakaa upande wa dereva. Watu hugombea dirisha bila kuuliza dirisha la upande gani.

Sasa chakula, na hapa damu yangu inachemka. Basi la mchana linasimama kula mara moja, dakika ishirini, na wewe huchagui wapi. Dereva ndiye anayechagua. Mtu aliyechoka akishuka, anakuta foleni ya watu hamsini, chipsi zilizokaangwa tangu basi lililopita, na paja la kuku dogo kiasi kwamba unamwonea huruma aliyelifuga. Bei ni ya mahali ambapo mteja hana njia ya kwenda kwingine. Dereva na kondakta wao wameketi meza ya pembeni, wamewekewa supu, pilau na soda, na sijawahi kuwaona wakiingiza mkono mfukoni. Ukianza kuitafuna hiyo elfu nane yako, honi inalia.

Dawa yake ni kufungasha. Lakini usifungashe kama shangazi yangu, anayekutilia wali wa nazi wa moto kwenye hotpoti akafunga kifuniko. Ukiukuta saa sita mchana umeshaanza kuchacha, na basi zima litajua ni wewe. Chapati zilizopoa kabla ya kufungwa, mayai ya kuchemsha ambayo hayajamenywa, ndizi mbivu zenye ganda gumu. Chupa kubwa ya maji nunua mtaani kwako, usingoje ya dirishani. Mombo utapata matunda yanayoteremka kutoka Lushoto, na hapo nakuruhusu utoe pesa.

Gesti ndiyo iliyobaki. Shemeji aliandika elfu kumi na tano kwa usiku mmoja. Nikamwambia ipo, na mlangoni pake kuna baa. Ukitaka chumba chenye choo ndani na usingizi, weka elfu ishirini na tano, mitaa ya Kaloleni na Levolosi, karibu na stendi, kwa mguu. Kabla hujalipa omba kuingia chumbani. Tandua chandarua ukitazame kwenye mwanga kama kina matundu. Fungua bomba la maji ya moto ungoje yawe ya moto kweli, maana ukiuliza tu utajibiwa "yapo", na Arusha ya Juni na Julai haina mzaha na mtu wa pwani. Kisha nyamaza nusu dakika usikilize ukuta wa jirani.

Tatizo la kufika alfajiri ni kwamba chumba chako bado kina mtu, na wa jana anatoka saa nne. Ukisimama mapokezi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, umevimba macho, ukasema unataka chumba, dada wa mapokezi atakutazama juu hadi chini.

"Unalala au unapumzika, baba?"

Kupumzika kuna bei yake, na kuna maana yake.

"Napumzika kwa sababu nimechoka, mwanangu."

"Na mwenzako yuko wapi?"

Mwenzangu ni shemeji, yuko nje anatafuta chaji. Jambo la kufanya ni kumwachia dada wa mapokezi begi, kuandika kwenye kitabu jina, kabila, kazi, utokako na uendako, kisha kwenda kwa mama ntilie kunywa mtori. Bakuli la mtori wa moto na chapati, kwenye baridi ile, linakufikisha saa saba mchana. Makande au ndizi nyama jioni, na elfu kumi na tano ya siku imekutosha na kubaki.

Jumamosi yetu yote nimeiweka kwa miguu. Makumbusho ya Azimio la Arusha yako palepale Kaloleni, kwenye jengo ambamo TANU ilikutana mwaka 1967 ikazungumza habari za kujitegemea. Nimemwambia shemeji atembelee kwa makini, kisha anilipie kiingilio.

Nikaandika upya upande wa nyuma wa karatasi yake. Nauli elfu sitini. Gesti elfu ishirini na tano. Kula Jumamosi elfu kumi na tano. Kufungasha kwenda na kurudi elfu kumi. Daladala na vifodi elfu nne. Kiingilio na vocha elfu sita. Maji elfu mbili. Elfu kumi na nane ya dharura, ambayo haiguswi hata mtu akiona viatu vya mtumba. Jumla laki moja na arobaini. Na tarehe isiwe Desemba, maana wiki ile watu wa Moshi wanapokwenda kula Krismasi, kiti hakipatikani hata cha kukunja.

Shemeji akaitazama laki na arobaini kwa huzuni kubwa, lakini akakubali. Tukapeana mikono. Ndipo mke wangu, ambaye muda wote alikuwa anachambua mchele kimya, akauliza kama ni kweli tunapita Mombo.

"Tunapita."

"Basi mniletee ndoo mbili za maparachichi, na karoti za dada, na mama naye ameomba viazi. Kondakta atawatoza mzigo, lakini mtaelewana naye."

Shemeji akachukua kalamu, akaanza kufuta kiingilio.