Nene na Yaya

Nilizaliwa Bagamoyo, nami nikakua nikiamini, kama waaminivyo watu wengi wa mrima, kwamba Kiswahili ni mali yetu na kwamba watu wa bara wamekiazima tu. Nikasahau kuwa Wanyamwezi waliobeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe hadi pwani katika karne ya 19 ndio waliokichukua wakarudi nacho makwao, pamoja na vitambaa na shanga. Bali lugha iliyosafiri namna hiyo ilikuwa lugha ya bei, ya mzigo na ya ijara. Ama ya kugombana nyumbani, kila mtu alibaki na ya mamaye.

Hilo nilifunzwa na ahali yangu, Msukuma wa Choma, ambaye Kiswahili chake ni safi sokoni na wakati wa raha, lakini akighadhibika ulimi wake hurejea kwao bila ya kuaga. Jioni moja niliingia nikalakiwa na harufu ya ukoko, nikauliza kwa sauti ya kadhi, "Bibi, ni nani aliyeunguza wali huu?"

Akajibu upesi, "Nene!"

Mimi, ambaye kitambi changu kilikuwa kimekwisha anza kunitangulia mlangoni, nilitambua kwamba nimetukanwa, tena kwa lugha mbovu. Basi nikamsahihisha kwanza, ndipo nikakasirika. "Mtu haitwi nene, huitwa mnene. Na je, wanitukana?"

"Yaya!"

"Yaya? Tuajiri yaya, ilhali mtoto hatujaruzukiwa?"

Kauli hiyo ya mtoto, niliyoitamka bila ya kutafakari, ndiyo iliyomchoma moyo usiku ule. Akajitanda kanga, akaenda kwa babaye.

Asubuhi mkwe wangu alinisikiliza kwa taadhima, kisha akacheka hata akashika nguzo ya baraza. "Mwanangu," akasema, "kwetu nene ni mimi, na yaya ni hapana. Mwenzio alikiri kosa kwa neno la kwanza, akakanusha tusi kwa la pili, nawe ukamhukumu kwa yote mawili."

Nikatahayari, si kwa kutojua Kisukuma tu, maana kutojua si dhambi, bali kwa kuwa neno lilipokosa kiambishi nilichokizoea, sikushuku hata kidogo kwamba huenda ni neno zima la lugha nyingine. Nilidhani ni Kiswahili kilichovunjika, nikajiona fundi wa kukiunga.

Tangu hapo tuna sharti: hasira ikipanda, kabla ya kujibu huulizana, "Hilo umesema kwa lugha gani?" Juzi chai ilifurika jikoni kwa uzembe wangu, na aliponiuliza ni nani aliyeiacha, nikainamisha kichwa nikasema, "Nene."

Akanitazama tumbo kwa makini, akajibu kwa Kiswahili fasaha cha Bagamoyo, "Hilo naliona, bwana. Nimeuliza habari ya chai."