Namna ya Kuuza Lori la Mradi Ukashangazwa na Kodi

Mwongozo huu ni wa mkurugenzi anayefunga mradi na kutaka kuondoka na fedha pungufu. Njia yenyewe si ngumu na wafuasi wake ni wengi. Uza lori kwanza, uliza habari ya kodi baadaye, na ukiuliza, tazama thamani ya lori kwenye daftari lisilohusika.

Tuchukue mfano. Kampuni ndogo ya Dodoma imepata mkataba wa miaka mitatu wa kusambaza vifaa vya ujenzi. Imenunua Kenta moja ya tani nne kwa shilingi milioni 64, na haina gari jingine. Mkataba umekwisha, mwaka wa nne umeanza, na mnunuzi amekuja na milioni 30 mkononi. Hiyo ndiyo thamani ya mabaki: fedha ambayo mali bado inaweza kuleta baada ya kazi ambayo ilinunuliwa kwa ajili yake kuisha.

Hatua ya kwanza ya kujipoteza ni kumwita mhasibu na kumuuliza, "Dada, gari lina thamani gani vitabuni?" Mhasibu atafungua hesabu za kampuni, naye hatakosea. Lilipoingia gari, walikadiria kwamba litatumika miaka mitano, kisha litauzwa kwa milioni 14. Kwa hiyo milioni 50 zilizobaki ziligawanywa kwa miaka mitano, uchakavu wa milioni 10 kila mwaka. Miaka mitatu imepita, vitabu vinasoma milioni 34.

"Bosi, tukiuza kwa 30 tunapata hasara ya milioni nne."

"Basi kodi hakuna. Muite mnunuzi."

Hapo ndipo mtego unapofyatuka, na ndipo ninapotaka msomaji akae kwa muda. Zile milioni 34 ni hesabu halali kwa wenye hisa na kwa benki. Kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania hazina kazi yoyote. Makadirio yako kuhusu miaka mitano na milioni 14 ni yako mwenyewe. Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, ina viwango vyake vya uchakavu, na gari la mizigo lisilofikia tani saba limo katika daraja la kwanza, ambalo hukatwa asilimia 37.5 kila mwaka ya thamani iliyobaki.

Fuata hesabu. Mwaka wa kwanza, asilimia 37.5 ya milioni 64 ni milioni 24, zinabaki 40. Mwaka wa pili zinakatwa 15, zinabaki 25. Mwaka wa tatu zinakatwa 9,375,000, zinabaki 15,625,000. Hii ndiyo thamani ya kikodi inayohusika siku ya kuuza. Ukitoa 15,625,000 kwenye milioni 30 unapata faida ya 14,375,000, nayo huingia kwenye mapato ya biashara ya mwaka huo. Kampuni ikilipa asilimia 30, kodi yake ni shilingi 4,312,500.

Kwa hiyo mauzo yaleyale, siku ileile, yana hasara ya milioni nne kwenye daftari moja na faida ya zaidi ya milioni 14 kwenye jingine. Bosi aliyedhani hasara ile itampunguzia kodi ya 1,200,000 amekosea kwa shilingi 5,512,500 akijumlisha pande zote mbili. Fedha anayobaki nayo ni 25,687,500, na hiyo ndiyo tarakimu iliyopaswa kuandikwa kwenye mpango wa mradi tangu siku ya kwanza, badala ya 30.

Kodi hii si adhabu. Miaka mitatu kampuni ilikata shilingi 48,375,000 kwenye mapato yake kwa sababu ya gari hilo, na kila mwaka ililipa kodi ndogo kwa ajili hiyo. Soko sasa limeonyesha kwamba gari halikuchakaa kiasi hicho, limechakaa kwa milioni 34 tu. Tofauti ni ileile 14,375,000. Serikali inarudishiwa kilichokatwa kupita kiasi, na kampuni imekaa na fedha hiyo kwa miaka kadhaa bila riba. Mtu akielewa hivi hatafikiri kwamba ameonewa, na hatapanga matumizi ya milioni 30 nzima.

Hatua ya pili ya kujipoteza ni kunakili kanuni hii kila mahali bila kuuliza kama kuna magari mengine. Sheria haihesabu gari mojamoja. Mali za daraja moja huwekwa katika fungu moja, na fedha ya mauzo hutolewa kwenye fungu zima. Kampuni yetu ilikuwa na Kenta moja tu, kwa hiyo lilipouzwa fungu likafungwa na faida yote ikatozwa kodi palepale. Lau ingekuwa na gari jingine lenye thamani ya kikodi ya milioni 40, fungu lingekuwa na 55,625,000. Ukitoa 30, zinabaki 25,625,000, na makato ya mwaka huo yanapigwa juu ya hizo. Hakuna faida inayotozwa kwa mkupuo. Lakini fungu limeshuka chini ya ile 40 ya gari lililobaki, kwa hiyo makato ya mwaka huu na ya miaka ijayo yatapungua. Mwaka wa kwanza kodi itaongezeka kwa takribani milioni 1.6, nyingine itafuata kidogokidogo, na mwishowe jumla inaelekea zile 4,312,500. Kodi ni ileile, ila imesambaa, na fedha inayotoka kesho ina nafuu kuliko inayotoka leo.

Ndiyo maana tarehe ina uzito. Kama kampuni imekwishapata mkataba mwingine na itahitaji gari la daraja hilohilo, kulinunua kabla mwaka wa hesabu haujafungwa kunalifanya fungu liendelee. Ikisubiri wiki chache baada ya mwaka kufungwa, fungu limekwisha na kodi yote imeiva. Simshauri mtu anunue gari asilolihitaji ili kukwepa milioni nne. Namshauri anayelihitaji atazame kalenda.

Tugeuze upande. Kenta imegongwa, mnunuzi anatoa milioni tisa tu. Hapo kuna hasara ya kikodi ya 6,625,000, na fungu linapofungwa hasara hiyo hukatwa kwenye mapato. Kwa asilimia 30 inaokoa 1,987,500, kwa hiyo mauzo ya milioni tisa yana thamani ya 10,987,500. Waandaaji wa mipango hupenda sana kuiandika hii nyongeza. Ni halali kuiandika ikiwa kampuni ina mapato mengine ya kutozwa kodi. Kampuni iliyoundwa kwa mkataba huo mmoja, na mkataba umekwisha, haina kodi ya kupunguza. Hasara itabebwa kwenda mwaka ujao usio na mapato. Hapo andika tisa.

Bado kuna jambo la VAT, na watu hulikumbuka pesa ikishahesabiwa. Kampuni iliyosajiliwa kwa kawaida hutoza asilimia 18 hata inapouza lori lake kuukuu. Mkikubaliana milioni 30 bila kusema kama VAT imo ndani au nje, na ikaonekana imo, zako ni 25,423,729 na faida yote niliyoipiga hapo juu inabidi ipigwe upya. Taja neno hilo kabla ya kupeana mikono, na liandikwe kwenye mkataba wa mauzo.

Mhasibu naye aulizwe swali tofauti: asitaje thamani ya vitabuni peke yake, alete jedwali la uchakavu lililoambatana na ritani ya mwaka jana. Salio la daraja la kwanza limeandikwa humo.