Mwakola

Hotuba ya shukrani niliiandika Ijumaa usiku, siku moja kabla ya mechi. Hapo ndipo kosa lilipoanzia. Kama katibu wa timu ya kijiji hapa Buganguzi niliona busara kujiandaa mapema, na nikajiandaa kwa matokeo ya aina moja tu. Kurasa mbili za daftari, mwandiko mzuri, neno "ushindi" limo mara tano.

Tulifungwa 8–0.

Mabao matano siyasemi. Yalikuwa mabao ya kawaida, ya watu wanaojua mpira dhidi ya watu wanaoupenda. Ila matatu yalitokana na mpira wa kurusha, na hayo yananinyima usingizi mpaka leo. Wageni walikuwa na kijana mmoja mwenye mabega kama ya mchana magogo. Kila akipata mpira pembeni anaufuta kwa jezi, anarudi hatua nne nyuma, anaurusha hadi karibu na goli. Mshambuliaji wao alishajitanguliza huko, nyuma ya mabeki wetu wote, peke yake na kipa kama watu walioahidiana kukutana. Mabeki wetu, ambao wiki nzima tuliwafundisha mtego wa kuotea, walifanya tulichowafundisha: wakapanda pamoja, wakanyoosha mikono juu, wakamgeukia mshika kibendera. Kibendera hakikupanda. Bao.

La pili, vilevile. Safari hii hata sisi wa benchi tulisimama na mikono juu, mimi nikipiga kelele kuliko wote. La tatu lilipoingia, mshika kibendera, mzee mpole, akanisogelea na kusema taratibu, "Katibu, mpira wa kurusha hauna kuotea." Sheria hiyo ipo tangu mwaka 1920. Mpira ukitoka kwenye mikono ya mrushaji ukamfikia mtu moja kwa moja, hata awe amesimama wapi, hajaotea. Kona ni hivyohivyo, na mpira wa golini pia. Dawa yake ni beki kumganda mtu wake kama kupe. Mkono uliopanda juu haumkabi mtu.

Kipenga cha mwisho kilipolia, nahodha akanitazama. Kwa desturi yetu wageni hawaondoki bila neno. Nikachomoa karatasi, nikakata "ushindi" wa kwanza na kuandika "mchezo". Nikakata wa pili. Watu walishakusanyika mgombani, kivulini, ikabidi nianze.

Ukurasa wa kwanza ulikwenda salama. Niliwashukuru wageni kwa kuja, mwamuzi kwa subira, akina mama kwa ndizi zilizokuwa bado jikoni. Mshika kibendera nilimwomba radhi mbele ya wote, naye akalipokea ombi langu kwa kutikisa kibendera kidogo. Kisha nikafungua ukurasa wa pili, ambao sikuufikia na kalamu, nikasoma kwa sauti ileile: "Leo tumewaonyesha wageni wetu kazi!"

Wageni walicheka kwa adabu. Wetu walicheka bila adabu.

Nikaitupa karatasi, nikajaribu kuwatia moyo vijana kwa historia. Nikasema hata Taifa Stars ilipita huku: Novemba 2015, Jumamosi walitoka sare ya 2–2 na Algeria pale Dar es Salaam, Jumanne yake kule Blida wakafungwa saba bila. Timu ya taifa zima, wenye makocha na madaktari! Saba!

"Sisi ni nane," mtoto mmoja akasema kutoka juu ya mti.

Aliyeniokoa ni mzee wetu mmoja. Alinyanyuka na fimbo yake, akawatazama vijana, akasema, "Mwakola, mwakola muno." Kwetu Wahaya hiyo ndiyo asante, ila ukiifungua ndani inasema: mmefanya kazi. Vijana wakatazamana kujua nani ameifanya. Macho yote yakatua kwa kipa, aliyejaa matope mpaka masikioni. Huyo hakuna aliyembishia. Mipira aliyoizuia mbali na hiyo minane ndiyo iliyotuondoa kwenye aibu ya kuhesabu kwa vidole vya miguu.

Mzee alipoketi, nikaona nimalizie na lenye faida. Nikawaeleza ile sheria ya mpira wa kurusha, polepole, nikimsimamisha mtoto yule wa mtini awe mshambuliaji. Nikasema Jumanne mazoezini tutaurusha mara hamsini na hakuna atakayemwangalia mshika kibendera. Kisha nikauliza kama kuna mwenye swali.

Beki wa kulia akanyoosha mkono.

"Shusha huo mkono, ndugu yangu," kipa akamwambia. "Ndio uliotufikisha hapa."