Leseni Mara Mbili, Cheti Hakuna

Mxiuu! Kurasa mbili nzima dogo kaandika: baba kafariki, mama anauza mihogo, yeye ndiye tegemeo la nyumba, na Mwenyezi Mungu atawazidishia. Cheti kinachodaiwa hakitajwi hata mara moja. Hapa kijiweni Mbagala Rangi Tatu barua imezunguka mikononi mwa watu mpaka imepata doa la kahawa, na kila aliyeishika ana la kusema.

Habari yenyewe ni hii. Dogo aliomba kazi ya Dereva Daraja la II serikalini, kupitia Ajira Portal. Masharti ya nafasi hiyo kwenye matangazo ya Sekretarieti ya Ajira sisi wapiga gia tunayajua kwa kichwa: cheti cha kidato cha nne, leseni ya daraja la C au E, uzoefu usiopungua mwaka mmoja bila kusababisha ajali, na cheti cha mafunzo ya msingi ya udereva kutoka VETA au chuo kingine kinachotambuliwa na Serikali. Vyote anavyo. Majina ya walioitwa kwenye usaili yakatoka, lake halimo.

Hapo ndipo watu huanza na "nafasi zina wenyewe". Jamani, si mfungue akaunti kwanza! Ukiingia sehemu ya My Applications, sababu ya kuachwa huwa imeandikwa. Yake ilisema hakuambatisha cheti cha udereva. Akabisha, akaapa. Akaambiwa afungue viambatisho, kimoja baada ya kingine, na kuangalia kilichomo ndani, siyo jina la faili tu. Loo! Leseni ipo mahali pake, na leseni ileile imekaa tena mahali pa cheti. Kijana wa steshenari alizipiga skani karatasi zote kwa mkupuo, mafaili yakatoka na majina ya tarakimu tupu, dogo akabonyeza alichodhani ndicho.

Sasa barua ya kuomba arudishwe. Tuna mzee mmoja hapa, karani mstaafu wa masijala, hanywi kahawa ya pili mpaka amekosoa mtu. Akasonya.

"Anayesoma hii hana ugomvi na mihogo ya mama yako, mwanangu. Ana faili. Akikurudisha wewe, kesho anakuja mwingine aliyeachwa kwa sababu hiyohiyo. Atamjibu nini? Mpe kitu cha kuandika kwenye faili."

Kitu hicho ni tarehe. Kama cheti kilitolewa kabla tangazo halijafungwa, dogo alikuwa na sifa na kasoro ni ya kupandisha faili. Kama kingetolewa baadaye, angekuwa anaomba apewe sifa ambayo siku ile hakuwa nayo, na hapo hata mimi ningemnyima. Jirani yetu wa bodaboda akadandia kwamba na yeye aandikiwe, maana kaachwa kwa kuweka hati ya matokeo badala ya cheti cha kidato cha nne. Wewe tulia! Matangazo yanasema wazi kwamba hati za matokeo hazikubaliwi. Cheti chenyewe hajawahi kukifuata shuleni, sasa barua itasema nini?

Mzee akachukua kalamu. Anuani ya Katibu, kumbukumbu namba ya tangazo, jina kama lilivyo kwenye akaunti. "Husika na kichwa cha habari hapo juu" akaikata kwa mstari mmoja. Kikabaki hiki:

"Sikuitwa kwenye usaili wa nafasi iliyotajwa kwa sababu cheti cha mafunzo ya msingi ya udereva hakikuonekana. Nimekagua maombi yangu na kukuta kwamba mahali pa cheti hicho nilipandisha leseni kwa makosa. Cheti ninacho, na kilitolewa kabla ya tarehe ya mwisho ya kupokea maombi. Naambatisha nakala iliyothibitishwa na wakili, pamoja na picha ya ukurasa wa maombi yangu. Naomba yaangaliwe upya kabla ya usaili."

Wakili naye aangaliwe. Tarehe ya muhuri wake itakuwa ya leo, hilo halina ubaya, lakini akiugonga juu ya tarehe ya chuo amekumaliza, kwa sababu ushahidi wote umelala pale. Na barua iende leo. Ikifika usaili ukiwa umeshafanyika, imekuwa karatasi tu.

Je, watamrudisha? Mzee hakumdanganya: maombi yalishafungwa, na wanaweza kukataa bila kumwonea. Ndiyo maana akamtaka jioni hiihii aingie kwenye akaunti, aitoe ile leseni ya pili na kuweka cheti, asije akaomba nafasi nyingine na mafaili yaleyale.

Mjomba wa dogo bado ananung'unika. Anataka irudishwe walau ile ya "naahidi kufanya kazi kwa bidii na uaminifu". Mzee kaikunja barua, kaikalia.