Kidole Gumba Katika Cheti

Miongoni mwa kazi ambazo hazitajwi mtu anapoteuliwa kuwa katibu wa kamati, lakini ambazo humla saa zake kuliko mikutano na mihutasari yote, ni ile ya kumwandikia mwombaji kumweleza ya kuwa maombi yake yamefika salama, ila yamefika nusu. Nami niliyejaaliwa kuwa katibu wa mfuko mmoja mdogo hapa Tanga, unaowalipia karo vijana wachache wanaoingia chuo kikuu, nimepata wasaa wa kutosha wa kuitafakari kazi hiyo, maana kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yakishatangazwa, masjala yetu hugeuka bandari, na shehena inayoshushwa humo aghalabu huwa imepungua njiani.

Nilipoingia katika kazi hii nilirithi, pamoja na kabati lisilofunga na mihuri miwili, waraka uliokuwa tayari kwa ajili ya watu wa namna hiyo. Ulikuwa na maneno haya tu: "Maombi yako hayajakamilika. Tafadhali tuma upya." Aliyeutunga alikuwa mtu wa maneno machache, Mungu amzidishie, na nina yakini hakumtakia mtu ubaya, lakini matokeo ya waraka ule yalikuwa ya ajabu, kwa kuwa vijana wetu ni watiifu, na mtiifu akiambiwa atume upya hutuma upya. Huzituma karatasi zile zile, kwa mpangilio ule ule, na upungufu ule ule. Mmoja alizirudisha katika bahasha kubwa zaidi, akidhani kwamba kilichotuudhi ni bahasha. Mwingine, ambaye nitamwita Athumani ili nimsitiri, alituma maombi yale yale mara tatu kwa barua pepe, na lililobadilika ni salamu peke yake: mara ya kwanza zilikuwa zake, mara ya pili zilikuwa zake na za mama yake, na mara ya tatu zilikuwa za jamaa nzima, pamoja na dua ya kuiombea kamati afya njema.

Hapo ndipo nilipoyafungua maombi ya Athumani na kuyatazama kwa jicho la insafu. Barua yake ilikuwa murua kabisa, yenye taadhima tangu mwanzo hata mwisho, ila haikuwa na sahihi. Fomu ilikuwa na ukurasa wa kwanza na wa tatu. Wa pili, ambao ndio wenye sahihi ya mzazi na mhuri wa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, haukuwapo. Palipotakiwa tarehe ya kuzaliwa palikuwa na tarehe aliyoijaza fomu, hata ikawa kwa mujibu wa maandishi yake mwenyewe kijana huyu alizaliwa Jumanne, akamaliza kidato cha sita siku hiyo hiyo, na jioni akaomba ufadhili. Cheti cha kuzaliwa kilipigwa picha kikiwa juu ya mkeka, na kidole gumba kikubwa kimelala juu ya namba ya cheti. Fauka ya hayo, cheti kile kilimwita Athumani, ilhali karatasi yake ya matokeo ya kidato cha nne ilimwita Othman.

Nikaketi, nikamwandikia hivi:

"Ndugu Athumani,

Asalaam aleikum. Maombi yako yamefika nasi tunayo. Usiandike mapya, tuma haya yafuatayo tu, kwani mengine yote yako sawa.

Barua yako haina sahihi. Ichapishe, itie sahihi kwa kalamu chini ya jina lako, kisha tutumie hiyo iliyotiwa sahihi.

Ukurasa wa pili wa fomu haukufika. Tunauhitaji ukiwa na sahihi ya mzazi au mlezi pamoja na mhuri wa mwenyekiti wa serikali ya mtaa.

Ukurasa wa kwanza ujaze tena. Tarehe ya kuzaliwa uliyoandika ni tarehe uliyoijaza fomu. Namba yako ya NIDA ina tarakimu 19, na inatakiwa iwe na 20. Inakili kutoka katika kitambulisho, usiiandike kwa kukumbuka. Namba ya mtihani umeandika tarakimu nne za namba yako tu. Iandike yote, yaani herufi S na namba ya shule, kisha namba yako, kisha mwaka.

Cheti cha kuzaliwa hakisomeki, kwa kuwa kidole kimefunika namba yake. Kipige nakala tena kikiwa juu ya meza, pembe zote nne zionekane.

Kwa kidato cha nne umetuma karatasi ya matokeo. Tunataka cheti chenyewe, ambacho hutolewa shuleni kwako. Kwa kidato cha sita karatasi ya matokeo yatosha, maana vyeti vyenu bado.

Majina yako yanahitilafiana: Athumani na Othman. Tuma hati ya kiapo iliyoapwa mbele ya wakili au kamishna wa viapo, inayosema kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja.

Kila hati iwe faili moja ya PDF isiyozidi MB 2, nayo ipewe jina kwa mfano huu: JINA LAKO-CHETI CHA KUZALIWA. Mwisho ni usiku wa Ijumaa, saa 6. Usipoelewa jambo, nipigie simu."

Mwenyekiti wetu, mzee mwenye hekima nyingi na subira ya kiasi, alipousoma waraka huo aliuliza kama ninamwandikia mwombaji au ninapeleka posa. Nilimjibu kwamba waraka mfupi ulikwisha kutumwa mara mbili na ukajibiwa mara mbili, na kwamba maneno haya yote, ingawa ni mengi, yatasomwa mara moja. Akaniuliza kwa nini basi nisiirekebishe mimi mwenyewe ile tarehe ya kuzaliwa, kwani tarakimu nane za mwanzo za namba ya NIDA ni mwaka, mwezi na siku aliyozaliwa mtu, na hizo zote zilikuwapo. Hilo ni shauri la mtu mwema, na ni baya. Chini ya fomu ile kuna tamko la mwombaji kwamba yote yaliyoandikwa ni kweli. Siku katibu atakapotia kalamu yake juu ya tamko la mtu mwingine, hata kwa nia ya kumsaidia, hapatakuwa tena na mtu awezaye kujua ni lipi la mwombaji na lipi la katibu. Na tarakimu iliyokosekana katika zile 20, nani angenihakikishia kwamba haikuwa miongoni mwa hizo nane?

Kabla ya jua kuchwa simu ikalia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee, kuhusu kile kidole. Si changu. Ni cha mdogo wangu, alikuwa ananishikia cheti kisipeperuke."

Nilimshukuru kwa maelezo hayo, ambayo sikuyaomba, nikampa shauri ampumzishe mdogo wake na aende steshenari, ambako kwa fedha kidogo hati hupitishwa katika mashine na kutoka ikiwa PDF iliyonyooka. Akaniambia ameona ni rahisi kunitumia kwa WhatsApp. Hapo pana mtego wanaonaswa wengi. Picha ya cheti ikitumwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, programu ile huifinya ili iwe nyepesi, na herufi ndogo za mhuri huvurugika hata zikafanana na utando wa buibui; lakini faili hiyo hiyo ikitumwa kwa kupitia palipoandikwa Document, hufika ilivyo. Mwombaji hawezi kulijua hilo, kwa sababu katika simu yake mwenyewe ile picha ya asili ingali inang'aa, naye humwona katibu kuwa mzee mwenye macho mabovu. Ndiyo maana nikaona haifai kumwambia mtu kwamba hati yake "haisomeki" pasipo kumtajia ni neno gani lisilosomeka na limeharibikia wapi.

Siku ya pili faili zikaanza kuwasili. Barua ilikuwa na sahihi, tena ya madaha, yenye mikia mirefu. Cheti kilikuwa cheupe, hakina kidole wala mkeka. Kiapo kilikuwa na mhuri wa wakili. Namba ya NIDA ilitimia 20, na nane za mwanzo zikaafikiana na tarehe ya kuzaliwa. Ila kila faili, bila kusaza hata moja, iliitwa JINA LAKO: JINA LAKO-CHETI CHA KUZALIWA, JINA LAKO-BARUA, JINA LAKO-KIAPO. Athumani alifuata mfano kama alivyoamrishwa, na sikuwa na hoja ya kumlaumu. Tangu hapo, katika kila waraka ninaoandika, mfano huwa na jina la mwombaji mwenyewe, nalo lichapwe ninavyotaka liwe, ili hata akinakili bila kufikiri awe amenakili sawa.

Uliobaki ulikuwa ukurasa wa pili, ambao ulikuwa ukimngoja mwenyekiti wa mtaa arudi kutoka msibani Korogwe, na hapo muda wa mwisho ukazua mjadala wake. Alhamisi baada ya magharibi mama yake Athumani alinipigia kwa sauti ya unyenyekevu, akiniomba niwaongezee walau siku moja, maana usiku wa Ijumaa ndio umeshaingia. Nikamwambia, "Bibi, leo ni Alhamisi." Akanijibu, "Ndiyo, mwanangu, na jua limekuchwa." Alikuwa na haki. Kwetu pwani siku huanza magharibi, na usiku wa Ijumaa ni huu unaotangulia Ijumaa, unaosomwa Yasini. Ilhali mwenyekiti wetu wa kamati na vijana wake wa kompyuta walikuwa na usiku mwingine, unaokuja saa 24 baadaye. Kamati ilikaa, ikajadili, ikaamua kwamba usiku wowote kati ya hiyo miwili utakubaliwa. Siku hizi tunaandika "Ijumaa, saa 10 alasiri", saa ambayo jua linaonekana na hakuna awezaye kubishana nasi. Ukurasa wa pili ulifika Ijumaa asubuhi ukiwa na mhuri wake, na maombi ya Athumani yakaingia katika kikao pamoja na ya wenzake.

Limebaki jambo moja, nalo nalileta hapa kwa sababu sina njia nyingine. Katika masjala yetu ipo bahasha ya kaki, iliyoletwa kwa mkono na kuachwa kwa mlinzi. Ndani yake mna barua ya kurasa mbili, yenye hati nzuri na sababu zenye uzito kupita zote nilizosoma msimu huu, na yenye sahihi isiyosomeka. Haina jina, haina anwani, haina namba ya simu, wala hakuna cheti kilichoambatanishwa. Ewe uliyeiandika, kama haya yatakufikia, maombi yako yamefika nasi tunayo. Usiandike mapya. Tuletee jina lako.